Shajara ya mradi: kumweleza meneja regresheni ya lojistiki kwa dakika tano za usaili

4 Mei: Kuchagua mfano

Barua ya kuitwa kwenye usaili inasema kwamba sehemu ya pili itaongozwa na meneja wa huduma kwa wateja, mtu ambaye hakusomea takwimu, na kwamba kila msailiwa atapewa dakika tano za kumweleza njia moja ya uchambuzi anayoitumia kazini, kisha yatafuata maswali. Projekta haitakuwapo, karatasi na kalamu zinaruhusiwa. Nimechagua regresheni ya lojistiki kwa sababu imetajwa mara tatu katika wasifu wangu, na mtu akitaja kitu mara tatu anastahili kuulizwa. Ninaandika kila hatua hapa, pamoja na zile zilizoharibika, ili mwingine anayejiandaa kwa usaili wa namna hii asianzie pale nilipoanzia mimi.

Mfano wangu ni wa huduma inayolipiwa kila mwezi. Swali ni la ndiyo au hapana: je, mteja mpya atajitoa ndani ya miezi mitatu ijayo, au atabaki? Data nimeitunga mwenyewe na nitalisema hilo waziwazi, kwa kuwa msailiwa anayebeba data ya mwajiri wake wa zamani hadi kwenye chumba cha usaili anajijibia swali ambalo hajaulizwa. Nilianza na vigezo saba, nikapunguza hadi vitatu, na mwishoni nikabaki na kimoja tu, yaani idadi ya malalamiko ambayo mteja amewasilisha. Modeli humpa kila mteja alama: anaanzia -2.2, na kila lalamiko humwongezea 0.7. Alama hiyo kisha hugeuzwa kuwa asilimia.

```python
from math import exp
for n in range(7):
    alama = -2.2 + 0.7 * n
    print(n, round(100 / (1 + exp(-alama))))
```

Kuanzia mteja asiye na lalamiko hadi mwenye malalamiko sita, asilimia zinazotoka ni 10, 18, 31, 48, 65, 79 na 88. Gharama ya leo ni saa moja na nusu, na karibu yote iliishia kwenye kufuta vigezo.

5 Mei: Jaribio la kwanza, lililoshindikana

Dada yangu, ambaye anaongoza watu wengi katika kazi isiyohusiana kabisa na takwimu, amekubali kukaa upande wa meneja. Nimemwomba asinihurumie.

Nilianza na historia. Nilieleza kwamba mkunjo huu ulipewa jina lake na Verhulst, mwanahisabati wa Ubelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akichunguza ongezeko la watu, kwamba neno «logiti» lililetwa na Berkson mwaka 1944, na kwamba Cox aliiandikia njia hii makala mwaka 1958. Nilipofika kwa Cox dakika mbili zilikuwa zimekwisha, na meneja wangu alikuwa hajasikia lolote kuhusu mteja hata mmoja. Nikachora mkunjo wenye umbo la herufi S, nikaandika chini yake ln(p/(1-p)), nikaanza kueleza logaridhimu.

Alinisubiri kwa adabu hadi nilipomaliza, kisha akauliza: «Mdogo wangu, hiyo lojistiki ndiyo ile ya magari na maghala?»

Swali hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo, ingawa ndilo la kwanza litakalomjia mtu yeyote anayeishi na neno hilo katika maana yake ya kusafirisha na kuhifadhi mizigo. Kwa dakika tano nzima alikuwa akingojea nifike kwenye mizigo.

Swali lake la pili lilinisumbua zaidi. Aliweka kidole juu ya mkunjo akauliza kwa nini umepinda. Nilimjibu kwamba umepinda ili asilimia zisivuke 100 wala zisishuke chini ya 0. Jibu hilo si la uongo, lakini linaeleza kwa nini sisi tunataka upinde, halielezi ni kitu gani kinachoupindisha. Yeye aliliona pengo hilo mara moja, nami nikagundua kwamba kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiridhika na jibu la nusu.

Marekebisho ni mawili. Kwanza, jina la njia litatajwa mara moja tu, mwishoni, pamoja na sentensi moja inayosema kwamba halihusiani na usafirishaji. Pili, historia yote imetolewa. Swali la mkunjo limebaki wazi.

7 Mei: Jaribio la pili, na asilimia 160

Safari hii nilikuja bila fomula na bila mchoro. Nilikuwa nimepata sentensi moja ambayo niliiona nzuri mno: «Kila lalamiko linaongeza mara mbili uwezekano wa mteja kujitoa.» Ni fupi, inakumbukika, na inatokana na modeli yenyewe, kwa kuwa e ikipandishwa kwenye kipeo cha 0.7 inatoa takriban 2.01.

Dada hakusema neno. Alichukua kalamu yangu, akaandika 10 kwa mteja asiye na lalamiko, akaandika 20 chini yake, kisha 40, kisha 80. Alipofika kwenye lalamiko la nne akaandika 160, akaigeuza karatasi ili inielekee mimi, akaiacha mezani.

Ninalieleza kosa hili kwa urefu kwa sababu si langu peke yangu, na ni la kawaida hata katika ripoti za watu wanaojua kazi yao. Kinachozidishwa na 2.01 si uwezekano wa kujitoa. Ni uwiano kati ya uwezekano wa kujitoa na uwezekano wa kubaki, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Hatari ni kwamba vinafanana sana pale ambapo tukio ni la nadra. Kama wateja wanaojitoa ni asilimia 1, uwiano ukizidishwa na mbili asilimia inafika 1.98, na hakuna macho yatakayoiona tofauti hiyo na 2. Kwa hiyo mtu anayeshughulika na matukio adimu anaweza kuitumia sentensi yangu nzuri kwa miaka mingi bila kuumbuka. Mimi nilikuwa nimeanzia asilimia 10, ambako hatua ya kwanza inatoa 18 badala ya 20 na bado inasameheka, lakini hatua ya tatu inatoa 47 au 48 badala ya 80, na hapo haisameheki tena.

Jambo lililonichoma ni kwamba mtu asiyejua takwimu aliligundua kosa kwa kuzidisha tu. Kwenye usaili nisingepewa nafasi ya pili.

Gharama: dakika arobaini za mazoezi, na usiku mzima wa kuigeuzageuza sentensi hiyo kichwani.

8 Mei: Marekebisho yaliyofanya kazi

Ufumbuzi umetoka kwenye karatasi ileile ya dada. Kama kinachozidishwa ni uwiano, basi meneja aonyeshwe uwiano wenyewe, na aonyeshwe kwa watu, si kwa desimali.

Ninaanza hivi: «Chukua wateja wapya kumi ambao hawajalalamika. Mmoja anajitoa, tisa wanabaki.» Ninaandika 1 upande wa kushoto na 9 upande wa kulia. «Sasa tazama wateja walio na lalamiko moja. Dhidi ya kila tisa wanaobaki, wanaojitoa ni wawili.» Ninaandika 2 na 9. Malalamiko mawili yanatoa 4 dhidi ya 9, matatu yanatoa 8 dhidi ya 9, na kuendelea. Upande wa kushoto unaongezeka mara mbili kila hatua. Upande wa kulia haubadiliki. Asilimia inapatikana kwa kugawanya wa kushoto kwa jumla ya pande zote mbili, jambo ambalo meneja yeyote anaweza kulifanya kwa kalamu.

| Malalamiko | Wanaojitoa | Wanaobaki | Asilimia ya kujitoa |
|---|---|---|---|
| 0 | 1 | 9 | 10 |
| 1 | 2 | 9 | 18 |
| 2 | 4 | 9 | 31 |
| 3 | 8 | 9 | 47 |
| 4 | 16 | 9 | 64 |
| 5 | 32 | 9 | 78 |
| 6 | 64 | 9 | 88 |

Nilipomrudia dada na jedwali hili, mwenyewe alifika chini akasema: «Kumbe haitafika mia kamwe, maana wale tisa wapo tu.» Hilo ndilo jibu la swali lake la mkunjo, na amelipata bila mimi kulisema. Wale tisa hawaondoki. Hata wanaojitoa wakiwa elfu dhidi ya tisa, tisa bado wanahesabiwa. Ukipanda juu ya jedwali, yaani ukigawanya kwa mbili badala ya kuzidisha, wanaojitoa wanakuwa nusu mtu dhidi ya tisa, robo mtu dhidi ya tisa, lakini hawawi sifuri. Na ukitazama safu ya mwisho unaona asilimia zinapanda kwa hatua ya 8, kisha 13, 16, 17, 14 na 10: polepole pembeni, haraka katikati. Hiyo ndiyo herufi S, imechorwa kwa tarakimu.

Mwangalifu ataona kwamba jedwali linasema 47, 64 na 78 pale ambapo programu ya tarehe 4 ilisema 48, 65 na 79. Sababu ni kwamba uzito unaozidisha kwa mbili kamili ni 0.693, nami nilikuwa nimeuandika 0.7. Nimeamua kubaki na jedwali la mkono, kwa sababu tofauti ya pointi moja haibadilishi uamuzi wowote.

11 Mei: «Modeli yako ina usahihi wa asilimia ngapi?»

Leo nimefanya mazoezi na mwenzangu wa zamani kazini, mtu ambaye amekaa kwenye majopo ya usaili. Jedwali alilipokea vizuri, kisha akauliza swali lililo kwenye kichwa cha ingizo hili. Nilijibu haraka kwamba ni asilimia 83, nikaona amekunja uso.

Tuliketi tukahesabu. Tuchukue wateja wapya 1000 wa kubuni: 600 hawana lalamiko, 200 wana moja, 100 wana mawili, 60 wana matatu na 40 wana manne. Kwa asilimia za jedwali, watakaojitoa ni takriban 60, 36, 31, 28 na 26 kwa mfuatano huo, jumla 181. Mtu asiye na modeli yoyote, anayesema tu kwamba hakuna atakayejitoa, atapatia kwa wateja 819 kati ya 1000, yaani asilimia 82. Modeli yangu, ikitumia kizingiti cha asilimia 50 ambacho programu nyingi hukitumia zenyewe, inawanyooshea kidole wale 40 tu wa malalamiko manne: inawapata 26 wanaojitoa, inawasingizia 14 wanaobaki, na inawakosa 155. Usahihi wake ni asilimia 83.1. Nilikuwa nimejivunia pointi moja juu ya mtu asiyefanya kazi yoyote.

Kisha tukashusha kizingiti hadi asilimia 20. Hapo modeli inawataja wateja 200, yaani wote wenye malalamiko mawili na kuendelea. Inawapata 85 badala ya 26, na inawasingizia 115. Usahihi umeshuka hadi asilimia 79, chini hata ya yule asiye na modeli, ilhali wanaojitoa tuliowapata wameongezeka zaidi ya mara tatu. Mwenzangu aliniambia nisiitaje tarakimu ya usahihi kabisa isipokuwa nimeulizwa, na nikiulizwa nianze na yule mtu anayesema hakuna atakayejitoa.

Kutokana na hayo nimebadilisha muundo wa dakika tano. Modeli haisemi nani atajitoa. Inapanga watu kwa asilimia. Mahali pa kukata mstari ni uamuzi wa biashara, na anayejua bei za makosa mawili hayo ni meneja, si mimi. Karatasi yangu sasa ina nafasi tatu tupu ambazo yeye ndiye atakayezijaza: simu moja ya kumbembeleza mteja inagharimu nini, mteja mmoja akipotea tunapoteza nini, na kati ya waliokuwa wanaondoka tukawapigia, ni wangapi hubaki.

Gharama: saa tatu, pamoja na fahari kidogo.

13 Mei: Kosa dogo la vipimo

Nimejaribu kurudisha kigezo cha pili, miezi ya uanachama, chenye uzito wa -0.05 kwa kila mwezi. Nilikuwa nimeandika pembeni kwamba «malalamiko yana nguvu mara kumi na nne kuliko muda», kwa kugawanya 0.7 kwa 0.05. Huo ni upuuzi, kwa sababu lalamiko na mwezi si vipimo vinavyolinganishwa. Miezi kumi na miwili inatoa -0.6, na hiyo huzidisha upande wa wanaojitoa kwa takriban 0.55, karibu kuugawanya nusu. Kwa hiyo mwaka mmoja wa uanachama unakaribia kufuta lalamiko moja. Ningetaja muda kwa miaka tangu mwanzo, kosa lisingezaliwa.

Nimekitoa tena kigezo hicho kwenye karatasi na kukiweka akiba kwa ajili ya maswali.

16 Mei: Mazoezi ya mwisho

Nimerudia mara nne kwa saa ya mkononi: dakika saba, sita, tano na nusu, kisha nne na sekunde hamsini. Kilichokatwa zaidi ni maneno ya utangulizi. Nimeongeza jibu la swali moja nililokuwa sina, yaani jinsi ya kujua kama asilimia za modeli ni za kuaminika, na huenda likanisaidia keshokutwa.

18 Mei: Usaili

Meneja ni mama wa makamo, mpole, na alikuja na daftari lake mwenyewe. Nilipofika kwenye 8 dhidi ya 9 alinikatiza, akaumalizia mstari uliofuata yeye mwenyewe. Nilinyamaza nikamwachia. Dakika tano zilikwisha nikiwa nimetaja jina la njia mara moja, na hakuna mizigo iliyoulizwa.

Maswali yake ninayaandika kwa kadiri ninavyoyakumbuka.

La kwanza: «Huyu mwenye asilimia 31, ataondoka au haondoki? Maana mtu hawezi kuondoka theluthi.» Nilimjibu: «Mama, kwa huyu mmoja sijui. Ukinipa mia moja wanaofanana naye, ninatarajia kama 31 wataondoka, lakini siwezi kukutajia majina yao.» Aliandika hilo kwenye daftari.

La pili lilikuwa mwendelezo wake: atajuaje kwamba 31 yangu ni ya kweli? Hapa lilisaidia jibu la tarehe 16. Nilimweleza kwamba kabla ya kuijenga modeli tunatenga kundi la wateja ambao mwisho wao tayari unajulikana, na modeli hairuhusiwi kuliona. Baadaye tunawachukua wale tu ambao modeli imewapa asilimia zinazokaribia 31, tunahesabu ni wangapi kweli walijitoa. Wakiwa mia moja, nikikuta 27 au 35 sishtuki. Hata popote kati ya 22 na 40 panaweza kutokea kwa bahati tu. Nikikuta 50, karatasi yangu inadanganya na haifai kutumika hadi ichunguzwe.

La tatu ndilo lililonifurahisha zaidi. Aliuliza, kwa uso mkavu kabisa: «Kwa hiyo tukilifunga dawati la malalamiko, wateja wataacha kuondoka?» Wasaili wengine wawili walicheka, lakini yeye hakucheka, nami nilielewa kwamba amegusa mpaka wa njia yenyewe. Nilimjibu kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na kufunga dirisha ili usiyaone hakuizuii mvua. Modeli imejifunza kwamba malalamiko na kujitoa huandamana. Haikujifunza kwamba moja huleta lingine. Huenda kinachowaondoa watu ni huduma mbovu, na lalamiko ni sauti yake tu. Kujua kama kushughulikia malalamiko haraka kunawabakisha watu, ingebidi tujaribu kwa wateja waliochaguliwa kwa bahati nasibu na kuwalinganisha na wengine ambao hawakuguswa.

Kisha tulifika kwenye nafasi tatu tupu. Alisema mteja mmoja akipotea hasara yake ni kama simu ishirini, na kwamba kwa uzoefu wake, kati ya waliotaka kuondoka, wakipigiwa wanne mmoja hubaki. Tulihesabu pamoja. Ukimpigia mtu ambaye kweli anaondoka, una robo ya kumwokoa, na robo ya simu ishirini ni simu tano. Kwa hiyo simu moja inajilipa pale tu ambapo uwezekano wa kujitoa unazidi moja ya tano, yaani asilimia 20. Kizingiti kilitoka kwenye midomo yake, si kwenye programu.

Alitaka kukihakiki, akachagua mwenyewe kundi la lalamiko moja, lile la asilimia 18. Ni watu 200, hivyo simu 200. Wanaoondoka kati yao ni 36, robo yao ni 9, na tisa mara ishirini ni 180. Hasara ya simu 20. Kisha kundi la malalamiko mawili: simu 100, wanaoondoka 31, wanaookolewa kama wanane, thamani yake takriban simu 155. Faida. Alichora mstari kati ya makundi hayo mawili kwa kalamu yake nyekundu.

Nilikosea mahali pamoja. Mmoja wa wasaili wengine, ambaye nilihisi anaijua njia hii, aliuliza kama lalamiko huongeza mara mbili kwa mteja mpya na kwa mteja wa miaka mingi vilevile. Nilijibu ndiyo bila kusita. Jibu sahihi lilikuwa kwamba modeli nilivyoijenga inalichukulia hivyo tangu mwanzo, bila kulichunguza. Ikiwa wateja wa zamani hulalamika kwa sababu wanataka kubaki na mambo yatengenezwe, ilhali wapya hulalamika wakiwa mlangoni, inabidi kuongeza kigezo kinachoruhusu uzito wa lalamiko ubadilike kulingana na muda wa uanachama. Nililijua hilo. Nilikuwa nimelevywa na jinsi mambo yalivyokuwa yakienda.

25 Mei: Baada ya usaili

Nimeitwa kwenye hatua ya tatu, ambayo itakuwa ya kiufundi na itaongozwa na yule msaili aliyeniuliza swali la mwisho. Nimetumia saa mbili kutunga data mpya yenye makundi mawili, wapya na wa zamani, ili nione kosa langu kwa macho. Kwa wapya niliweka uzito wa lalamiko uwe 0.7, kwa wa zamani uwe 0.1. Modeli isiyotenganisha makundi ilitoa uzito mmoja ulio katikati, ambao si wa kweli kwa kundi lolote: iliwatisha wa zamani na kuwapuuza wapya. Kosa lilionekana mara tu nilipofanya ule ukaguzi wa kuhesabu kwa kila kundi peke yake. Nilipowachanganya wote, tarakimu ziliwiana vizuri na hakuna kilichoashiria tatizo.

Kwenye karatasi nimeongeza jedwali la pili kando ya la kwanza, la wateja wa zamani, ambako upande wa kushoto hauongezeki mara mbili bali kwa takriban sehemu moja ya kumi kila lalamiko: 1, kisha 1.1, kisha 1.2. Tisa wa kulia wako palepale.

Jumla ya muda tangu tarehe 4 ni saa kumi na tatu, bila kuhesabu muda wa dada, ambaye anasema atanitumia ankara.